Neno "Wote" katika Kazi ya Dada Yangu

Dada yangu alivunjika mkono wa kulia siku chache kabla ya kurudisha kazi yake ya chuo kikuu. Pikipiki iliyombeba iliteleza kwenye tope karibu na barabara kubwa, akaangukia kiganja. Walimfunga plasta kutoka vidole hadi kiwiko. Alipofika nyumbani hakulia kwa maumivu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaniangalia mimi, akasema kwa Kiswahili cha kwetu, "Njo weye utaandika," yaani ndiye wewe.

Niliogopa. Mimi nilimaliza shule ya msingi tu, kule Lukafu, kwa bibi, na baada ya hapo nikarudi Kasungami kumsaidia mama shambani. Mwandiko wangu ni mzuri, watu husema hivyo, lakini naandika polepole sana. Herufi moja naiona kwanza kichwani, kisha naichora. Na kazi ya dada ilikuwa kwa Kifaransa, lugha ambayo naisoma kama mtu anayevuka maji bila kujua kina.

Lakini hapakuwa na mtu mwingine. Kijana mmoja wa kupiga chapa karibu na chuo alikuwa akikubali karatasi zilizoandikwa vizuri kwa mkono tu. Kusomewa hakutaka. Na siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu. Asistenti wa profesa alikuwa amemrudishia dada kazi yake ya kwanza ikiwa imejaa wino mwekundu, akamwambia aiandike upya. Kama haikupita, angerudia mwaka mzima. Mama alikuwa amesema wazi, mbele yetu sote, kwamba mwaka wa kurudia yeye hawezi kuulipa. Kwa hiyo tulijua: kama si Jumatatu, basi masomo yameisha.

Jumamosi asubuhi tuliweka meza chini ya upenu wa nyumba. Mama alikuwa hatua chache kutoka kwetu, ameketi kwenye mkeka, akipukusa mahindi ndani ya beseni. Dada alinifungulia ile kazi ya kwanza nione wino mwekundu. Nilisoma maneno ya asistenti mara mbili. Dada akanitafsiria: Kijiji chako ni mbinguni na soko lako ni shetani. Tena umeandika kama saa ya ukutani: tiki, soko, taka, ulinzi, kimoja kikiisha ndipo kingine kianze. Sivyo. Na chini kabisa, swali moja lililopigiwa mstari: Nani alilindwa, na nani hakulindwa?

"Yaya," nikamwuliza, kama tunavyomwita dada mkubwa, "hii kazi inasema nini?"

Alipumua. Nadhani alitaka kunijibu haraka ili tuanze, lakini aliniona nimeshika kalamu ya risasi bila kuigusisha karatasi, akajua kwamba nisipoelewa nitaandika polepole zaidi.

Akanieleza kwa Kiswahili. Alisema kuna mtaalamu wa zamani, mtu wa Ulaya, aliyefundisha kwamba kwa muda mrefu sana wa historia ya binadamu, kulima, kununua na kugawana vilikuwa vimepachikwa ndani ya maisha ya watu, kama uzi ndani ya kitambaa. Ndani ya undugu, ndani ya dini, ndani ya amri ya mkubwa wa kijiji. Halafu wakaja watu waliotaka kuuchomoa ule uzi. Wakataka bei peke yake iamue kila kitu, na watu ndio waifuate bei, si bei iwafuate watu. Hata vitu ambavyo hakuna aliyevitengeneza ili aviuze wakaviita bidhaa: ardhi, nguvu za mtu, na pesa zenyewe.

"Uzi ukitoka wote, kitambaa kinakuwa nini?" nikauliza.

"Njo ile. Haiwezi kutoka yote. Ukiivuta, bantu banapiga kelele, banaishika. Soko inavuta, bantu banashika, na kushika kule njo ulinzi. Njo mwendo wa pande mbili."

Hapo nilielewa zaidi kuliko nilivyotegemea. Tukaanza.

Sehemu ya kwanza ilihusu Lukafu. Dada alisema neno baada ya neno kwa Kifaransa, akinipa na maana yake kwa Kiswahili, nami nikaandika kile Kifaransa. Katika kijiji cha bibi yetu, alisema, hapakuwa na soko. Watu walipeana tu. Nilipofika kwenye nukta nikaiacha kalamu.

"Nini tena?"

"Kwa bibi kulikuwa kununua, yaya."

"Weye andika."

"Bibi alikuwa anauzisha unga. Na meka yake."

Meka ni kopo la bati la kupimia. La bibi lilikuwa jekundu, limepinda kidogo mdomoni. Dada hakukaa Lukafu. Alikuja likizo moja tu, akiwa mdogo, na alichokikumbuka ni kula bure. Mimi nilikaa miaka. Nilimweleza jinsi bibi alivyouza. Mtu akija kununua, bibi alijaza meka, akaisawazisha kwa mkono, kisha akaongeza konzi moja juu, matabishi, nyongeza ya bure. Hata mgeni aliyepita kwa lori alipata konzi yake. Lakini mwenye msiba hakusawazishiwa. Meka yake ilipanda juu kama kichuguu, na bei ilikuwa ileile. Na kuna mwanamke mmoja aliyewahi kumtukana bibi kisimani. Alipokuja kununua, bibi alimjazia, akasawazisha vizuri kwa kiganja, akamwachia hapo. Konzi hakupata. Kijiji kizima kilijua siku ileile.

Dada alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile. "Bibi alikuwa na roho mubaya!"

"Alikuwa na kumbukumbu," mama akasema kutoka kwenye mkeka, bila kuinua kichwa.

Dada akaangalia ule wino mwekundu. Kisha akasema polepole, kama anayejisomea, kwamba hapo ndipo alipokosea. Yeye alifikiri kupachikwa ndani ya maisha maana yake ni kutokuwa na soko. Kumbe soko lilikuwepo, bei ilikuwepo, ila bei haikuwa mkubwa wa mji. Iliketi katikati ya mambo mengine: msiba, matusi, ujirani. Na ardhi haikuwa kwenye soko hilo kabisa. Uliomba kwa mkubwa wa kijiji, akakuonyesha mahali.

"Na kama hukuwa na mume?" akaniuliza.

"Uliomba kupitia kwa shemeji. Shemeji akikataa, hulimi."

"Basi haikuwa mbinguni."

"Hapana."

Akaniambia nifute ukurasa. Kufuta kunanichosha kuliko kuandika, lakini nilifuta. Jua lilikuwa limeingia chini ya upenu tulipomaliza sehemu ya Lukafu, na ilikuwa na meka ya bibi ndani yake, konzi, kichuguu, na shemeji pia.

Jumapili, baada ya ibada, mama akiwa tena kwenye mkeka na mahindi yake, tukafika sehemu ya Kasungami. Hapa sikuhitaji kuelezwa.

Mashamba yetu yalikuwa upande wa chini, kuelekea kwenye maji. Tulilima mahindi, viazi vitamu na mboga za kupeleka mjini. Hakuna kati yetu aliyekuwa na karatasi ya kumiliki ardhi. Siku moja akaja mpima ardhi na vijana wawili na kamba. Walipigilia vigingi vya saruji katikati ya matuta. Mama alisimama na jembe, akawauliza wanapanda nini. Mmoja wa wale vijana akajibu, "Tunapanda manyumba, mama." Walicheka. Mama hakucheka.

Dada alinisomea sentensi ambayo niliipenda: kwamba soko la ardhi halikuota lenyewe kama majani. Lilihitaji mpima, muhuri, karatasi, ofisi, na mtu wa serikali wa kuweka sahihi. Ulinzi ndio ulioota wenyewe, kwa sababu jioni ileile ya vigingi wanawake walikuwa wameshakusanyika nyuma ya kanisa.

"Jioni ileile," nikarudia. "Haikuwa kwanza hii, halafu ile."

"Ile ya saa ya ukutani nimeondoa," alisema dada. "Vyote viwili vinaenda pamoja. Na wakati mwingine ni muntu moya anafanya vyote viwili." Akamwangalia mama kwa pembeni.

Ilikuwa kweli. Mama alipeleka mahindi sokoni mjini na kuyauza kwa bei ya juu kadiri alivyoweza, na hakuona ubaya. Mama huyohuyo alikwenda mara nne kwa mkuu wa mtaa kupinga viwanja. Wanawake walipata kitu. Walikubaliana na wenye kuuza viwanja kwamba mahindi yaliyosimama hayang'olewi. Mnunuzi atangoja mavuno. Na kiwanja ambacho hakijajengwa kitaendelea kulimwa mpaka mwenyewe aje na matofali. Lakini mkuu wa mtaa alitaka orodha ya wanaolima, ili watu wasije kutoka kila upande na kusema na wao wanalima pale.

Dada aliendelea kunisomea. Sauti yake ilikuwa imepata nguvu; aliona mwisho wa kazi. Nikaandika, kwa Kifaransa kilichomaanisha: Hivyo wanawake wa Kasungami walijilinda dhidi ya soko la ardhi, na wakapata haki ya kulima kwa ajili ya wote.

Niliandika mpaka "kwa ajili ya". Kalamu ikasimama.

"Wote," alisema dada. "Andika wote."

Sikuandika.

"Umechoka?"

"Haiko wote, yaya."

Mahindi yaliacha kulia ndani ya beseni. Nilijua kwamba mama ameacha kupukusa, lakini sikumwangalia.

Orodha ile niliiandika mimi. Wanawake walinichagua kwa sababu ya mwandiko. Nilikaa katikati yao nyuma ya kanisa, kila mmoja akataja jina lake, nikachora herufi moja moja. Pembeni mwa shamba letu alikuwa analima mjane aliyetoka mkoa mwingine, misimu mitatu tu ya mvua tangu afike. Alilima vizuri kuliko sisi. Majani yake ya viazi alikuwa akituletea bila kuombwa, akiyafunga kwa uzi wa mgomba. Nilipofika kwake nilianza herufi ya kwanza ya jina lake. Mama akaweka kidole juu ya karatasi. "Huyu hapana," alisema, si kwa ukali. "Huyu amekuja juzi." Wanawake wengine walitazama chini. Mimi nilikuwa na aibu ya kusema mbele ya watu, kama kawaida yangu, na nikaigeuza ile herufi kuwa jina la mtu mwingine. Matuta yake waligawana. Sasa anaponda mawe kando ya barabara, anauza kokoto kwa watu wanaojenga.

Haya yote nilimwambia dada pale mezani, kwa sauti ndogo, na niliyasema vibaya, mwisho kabla ya mwanzo. Aliyajua nusu. Wakati ule alikuwa anakaa chuoni.

"Mama," akasema dada, "ni kweli?"

"Unajua ni kweli. Anaponda kokoto pale, unapita kila siku."

"Juu ya nini hamukumwandika?"

"Mashamba yalikuwa yamebaki kidogo. Ningeandika yeye, ningefuta nani? Weye? Masomo yako yanatoka wapi, kwenye mbingu?"

 Dada aliuangalia mkono wake ndani ya plasta kana kwamba ni wa mtu mwingine. Niliona anachopima. Akiandika "wote", sentensi itakuwa nzuri na kazi itaisha kabla ya giza. Lakini swali la asistenti lilikuwa pale pale, limepigiwa mstari: Nani hakulindwa? Na jibu lake lilikuwa yule mjane, na kidole kilichomzuia kilikuwa cha mama yetu.

"Nikiacha hii, atanirudisha," dada akasema mwishowe. "Nikiandika hii, nitakuaibisha."

 Mama alichukua gunzi tupu, akaligeuza mkononi. Kisha akasema, na alisema polepole, kana kwamba ananisubiri mimi: "Wakati banakunyang'anya udongo, unasukuma mwenye iko karibu na weye. Ule mwenye anauzisha iko mbali. Huwezi kumufikia. Njo unasukuma huyu." Akarudisha gunzi kwenye rundo. "Andikeni. Sikuwa na roho mubaya. Nilikuwa na woga. Muandike na ile."

Dada alinisomea sehemu ya mwisho huku sauti yake ikiwa chini. Kwamba ulinzi si wema peke yake. Kwamba watu wanaojikinga na soko wanaweza kujikinga kwa kumfungia nje mwingine, na hapo soko linampokea yule aliyefungiwa, kwa bei yake: aliyepoteza matuta anauza nguvu za mikono yake kwa wenye kujenga juu ya mashamba hayohayo. Kwamba ndiyo sababu haitoshi kuuliza kama kuna ulinzi. Lazima uulize ni wa nani, na nani anashika orodha. Niliandika kila kitu. Mkono uliniuma mpaka begani.

Jumatatu asubuhi dada alipeleka karatasi kwa yule kijana wa chapa, akazipokea zimechapwa, akazikabidhi kwa asistenti bila kuzisoma tena, kwa sababu muda ulikuwa umeisha.

Siku tatu baadaye aliitwa kuitetea kazi. Alitaka niende naye, nimbebee mfuko, alisema, ingawa mfuko ulikuwa mwepesi. Tuliingia katika chumba chenye madawati marefu. Asistenti alikuwa mwanamume mwenye miwani, bado kijana, na koti lake lilikuwa kubwa kidogo mabegani. Alifungua ukurasa wa mwisho, akauliza kwa Kifaransa, halafu akabadilisha kwa Kiswahili kabisa:

"Hapa katikati umeandika Kiswahili. Mistari minne. Ni nani anasema?"

Dada aliinama kusoma. Nami nikasoma kwa pembeni. Maneno ya mama yalikuwa pale. Wakati banakunyang'anya udongo. Yote, mpaka huwezi kumufikia, mpaka woga. Nilikuwa nimeandika kila nilichosikia, kama nilivyokisikia, na kijana wa chapa alikuwa amepiga kila alichokikuta. Sikuwa nimejua mahali dada aliponyamaza na mama alipoanza. Mama alisema andikeni; kwangu ilikuwa kazi moja, hata lugha ilipobadilika.

Dada alinigeukia. Nilifikiri: hapa ndipo mwaka umekwisha, na ni mimi.

"Ni mama yetu," akasema dada.

"Alisoma kitabu cha yule mtaalamu?"

"Hapana. Yeye njo alishika orodha."

Asistenti alivua miwani. Akaisoma tena mistari ile, midomo ikitikisika. Kisha akamwuliza dada maswali, magumu, kwa muda mrefu. Alimwuliza kama kupachikwa ndani ya jamii kunamaanisha hakuna bei. Dada akamjibu kwa meka ya bibi. Alimwuliza nani alianzisha soko la ardhi, dada akasema vigingi, muhuri, sahihi. Alimwuliza kama mwendo wa ulinzi ni wa haki siku zote. Dada akasema hapana, akanyoosha mkono wake mzima kuelekea ile mistari minne.

"Maneno ya mtu yanawekwa ndani ya alama za kunukuu, na inasemwa ni ya nani," alisema asistenti mwishoni. "Kwa kosa hilo ningeweza kukukata maksi nyingi. Nimekukata kidogo." Akaandika kitu. "Imepita."

Nje dada alikaa kwenye ngazi, akaweka kichwa juu ya plasta. Nilifikiri analia, lakini alikuwa anacheka, au vyote viwili. "Karani yangu," alisema. "Karani anayeandika hata kikohozi."

Nyumbani mama aliuliza kitu kimoja tu. "Walisoma ile yangu?"

"Walisoma," nikasema.

Kisha mvua za kupanda zikakaribia. Viwanja vitatu vilikuwa vimepata matofali, na orodha ililazimika kuandikwa upya. Wanawake walikusanyika tena nyuma ya kanisa. Nilikaa katikati yao na karatasi mpya. Majina yalipoisha, sikufunga kalamu.

"Na jirani yetu wa kokoto?" nikasema.

Nilikuwa sijawahi kusema pale. Mwanamke mmoja mnene, anayependa utani, akapiga makofi. "Eee! Leo karani amepata mudomo!" Wengine wakacheka, kisha wakaacha, kwa sababu mama hakucheka. Mmoja akasema mashamba hayatoshi. Mwingine akasema ukimwingiza huyu, wataingia wote. Walikuwa na haki ya kuogopa. Viwanja vitatu vilionekana kutoka pale tulipokaa.

Mama alinitazama, kisha akatazama karatasi. "Muandike," alisema. "Achukue matuta yangu ya mwisho, yale ya upande wa maji. Yangu. Sichukui ya muntu."

Nikaandika jina zima la yule mjane, polepole, herufi ile ya kwanza kama nilivyoianza mara ya kwanza.

Mimi na mama tulikwenda kumwambia. Alikuwa ameketi kando ya rundo la mawe, ameshika nyundo, kitambaa kimefungwa mdomoni kwa ajili ya vumbi. Mama alisimama mbele yake, akasalimia, akaeleza kwa maneno machache. Mwanamke yule alisikiliza mpaka mwisho. Hakumshukuru mama, na hakumtukana.

"Nimeahidi kokoto ya nyumba ile," alisema, akionyesha kwa nyundo ukuta mpya uliosimama palipokuwa shamba lake. "Nikimaliza, nitakuja kuangalia."

Akainamisha kichwa, akaendelea kuponda. Mama akakaa chini karibu naye, juu ya jiwe, akaanza kumpangia mawe.